Kipandauso chenye aura, presha na sigara: ni njia ipi ya uzazi wa mpango iliyobaki?

*Swali: Daktari, nina miaka 37 na watoto wawili, na sina mpango wa mwingine. Nimetumia vidonge vya majira miaka sita. Tangu mwaka jana kuna siku naona mwanga unaomulika kama meno ya msumeno, unakua taratibu mpaka unafunika nusu ya ninachokitazama, kisha unapotea na kichwa kinaanza kugonga upande mmoja. Navuta sigara sita au saba kwa siku. Juzi nilipimwa presha ikawa 148/96. Nesi akakataa kunipa vidonge, akasema nichome sindano ya miezi mitatu. Lakini sindano si homoni vilevile? Hedhi yangu ilikuwa nzito sana kabla ya vidonge, naogopa itarudi. Na nikiacha sigara, siwezi kurudi kwenye vidonge vyangu?*

Dada, nesi alifanya sawa kukunyima vidonge, tena usimalizie hata pakiti uliyonayo. Kwenye sindano ndipo mimi na yeye tunapotofautiana, kwa sababu nitakazozieleza. Na kuhusu sigara, ziache, lakini hata ukiziacha leo vidonge hivyo havitarudi kuwa vyako.

Homoni za uzazi wa mpango si kitu kimoja. Vidonge ulivyokuwa ukimeza vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Mlinzi mkuu dhidi ya mimba ni projestini: ndiyo inayozuia yai lisitoke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Estrojeni inasaidia kulizuia yai, lakini mchango wake mkubwa ni kuifanya damu ije kwa mpangilio kila mwezi. Tatizo lako lote liko kwenye hiyo ya pili. Estrojeni ya vidonge hulichochea ini litengeneze kwa wingi protini za kugandisha damu, na pia protini iitwayo angiotensinojeni, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayobana mishipa na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Kwa hiyo mwanamke anayeimeza damu yake huganda kwa urahisi zaidi, na kwa baadhi presha hupanda. Mwenye mishipa isiyo na hitilafu hulibeba jambo hilo bila shida kwa miaka. Wewe una mambo matatu: kipandauso chenye aura, yaani maumivu ya kichwa yanayotanguliwa na dalili kama huo mwanga wako, pamoja na presha na sigara. Kila moja tayari linaigusa mishipa ya damu, na hatari za namna hii hazikai kila moja kivyake, huzidishana.

Hofu kubwa hapa ni kiharusi. Nikupe makadirio ili usiogope kupita kiasi wala usidharau. Miongoni mwa wanawake 100,000 walio katika umri wa kuzaa, wasio na kipandauso na wasiotumia homoni, wanaopata kiharusi cha kuziba mshipa kwa mwaka ni kama 2 au 3. Wenye kipandauso chenye aura ni kama 6. Wenye kipandauso chenye aura wanaomeza vidonge vya homoni mbili wanafika kama 37. Bado ni wachache, ndiyo maana umetumia vidonge hivi tangu aura ilipoanza na hujapatwa na kitu. Lakini makadirio hayo hayajahesabu sigara wala presha, na kiharusi kwa mtu wa miaka 37 kinaweza kuuchukua mkono, mguu au usemi kwa maisha yote. Kwa kuwa zipo njia zinazozuia mimba vizuri kuliko vidonge bila kuiongeza hatari hiyo, sioni sababu ya kubahatisha.

Sasa hiyo aura, maana hapa ndipo watu wengi hukosewa, wengine wakinyimwa vidonge bila sababu na wengine wakipewa ilhali hawakustahili. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoionyesha. Inatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, basi anayekuhudumia asipouliza vizuri hataijua. Aura huja taratibu, ikitanda kwa dakika 5 au zaidi, na kila dalili hukaa kati ya dakika 5 na 60 kisha huondoka yenyewe. Mara nyingi ni ya macho: mstari wa mwanga wenye pembe, unaometameta, unaosogea na kuacha nyuma yake sehemu usiyoiona. Huwa upande mmoja wa unachokitazama, na ukifumba jicho moja bado utaiona, kwa kuwa inatoka kwenye ubongo na si kwenye jicho. Kwa wengine ni ganzi inayoanzia vidoleni, ikapanda mkono hadi shavuni na ulimini, au maneno yanakataa kutoka kwa muda. Kichwa huanza kuuma aura ikiwa bado ipo, au ndani ya saa moja baada yake. Wapo pia wanaopata aura bila kichwa kuuma kabisa, na kwao uamuzi ni uleule.

Vitu vingi vinavyofanana nayo si aura. Nyotanyota unazoziona ukiinuka ghafla ni za damu kuchelewa kupanda kichwani. Kuchukia mwanga na kelele wakati kichwa kinauma ni sehemu ya kipandauso chochote. Kupiga miayo, kutamani vyakula fulani au kuwa na hasira siku moja kabla ni dalili za utangulizi. Ukungu wa macho yote mawili unaokuja pamoja na maumivu makali nao hauhesabiwi. Maelezo yako hayamo katika haya. Meno ya msumeno yanayokua taratibu mpaka yafunike nusu ya unachokitazama ni aura ya kitabuni, ingawa bado ungeniambia kama inakaa chini ya saa moja na kama huja upande uleule kila mara.

Naiuliza hiyo kwa sababu yako ilianza ukiwa na miaka 36 hivi, tena ukiwa kwenye vidonge. Aura mpya katika umri huo kwa mvutaji mwenye presha inafaa daktari akuchunguze mwenyewe: mishipa ya fahamu, macho, moyo, na akiona haja, picha ya ubongo. Na ujue namna ya kuitofautisha na kiharusi. Aura husogea na huanza na kitu cha ziada, mwanga au mchomo. Kiharusi huja ghafla, kwa pamoja, na huanza kwa kuondoa: jicho halioni, mkono unalegea, mdomo unapinda, maneno yanavurugika. Ukiona hivyo, au aura ikapita saa moja, au kichwa kikaja kwa mpasuko ambao hujawahi kuupata, nenda hospitali saa ileile bila kusubiri kuona kama kitapita.

Shirika la Afya Duniani limezigawa njia za uzazi wa mpango katika ngazi 4 kulingana na hali ya mwanamke. Ngazi ya 1 ni njia isiyo na kizuizi. Ya 2, faida yake kwa kawaida inazidi hatari. Ya 3, hatari kwa kawaida inazidi faida, hivyo hutumika pale tu njia nyingine hazipatikani au hazikubaliki kwa mhusika. Ya 4 haitumiki. Nesi wako bila shaka ana jedwali hilo ukutani, na nikilisoma kwa ajili yako linasema hivi kuhusu vidonge vya homoni mbili: kipandauso chenye aura, umri wowote, ngazi ya 4. Presha yenye namba ya juu kati ya 140 na 159 au ya chini kati ya 90 na 99, ngazi ya 3, na ikifika 160 kwa 100 ni ya 4. Kuvuta sigara ukiwa na miaka 35 au zaidi, chini ya 15 kwa siku ni ngazi ya 3, na kuanzia 15 ni ya 4.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la sigara. Ukiacha, ile ya 3 ya sigara itaondoka, nawe utakuwa umejifanyia jambo kubwa kuliko dawa yoyote nitakayokupa. Presha ikishuka kwa dawa, bado jedwali linaiweka ngazi ya 3. Na aura inabaki pale pale kwenye 4. Haijalishi inakuja mara mbili kwa mwaka tu, wala kwamba dawa za kichwa zinakutuliza. Wapo watakaokushauri uhamie vidonge vyenye dozi ndogo ya estrojeni, au kiraka cha kubandika, au pete ya ukeni kwa kuwa hizo hazipitii tumboni. Usikubali. Vyote hivyo vina estrojeni na viko ngazi ileile. Vidonge vipya vinavyotangazwa kuwa na estrojeni inayofanana na ya mwili navyo havijathibitishwa kuwa salama kwa mwenye aura. Angalia orodha ya viambato kwenye boksi: ukiona jina lolote linaloishia kwa estradioli au estetroli, hiyo si yako.

Nigusie jambo moja linalowapoteza wengi. Baadhi ya wanawake huumwa kichwa hasa katika zile siku 7 za vidonge visivyo na dawa, na wakianza pakiti mpya kinapoa, basi huamini vidonge ndivyo vinavyowatibu. Kinachotokea ni kwamba estrojeni imeshuka ghafla na kichwa kimelalamika. Ukiacha vidonge unaweza kupata wiki moja au mbili za kichwa kwa sababu hiyohiyo. Isikurudishe ulikotoka.

Tuje kwenye sindano. Uliuliza kama si homoni vilevile. Ni homoni, lakini sindano ya miezi mitatu ni projestini peke yake, haina estrojeni, na kwa mtu mwenye aura tu au presha ya wastani tu ingekuwa ngazi ya 2. Nesi hakukosa akili kuipendekeza. Nadhani alitazama kila hali kivyake. Lakini jedwali lilelile lina mstari mwingine unaorukwa mara nyingi, wa mwanamke mwenye vihatarishi vingi vya moyo na mishipa kwa pamoja, kama umri, sigara, presha na kisukari. Wewe uko kwenye mstari huo, na hapo sindano inapanda hadi ngazi ya 3. Sababu ni dozi yake. Ile ya kwenye msuli huingiza miligramu 150 kwa mkupuo mmoja, kiasi kikubwa kinachoituliza ovari mpaka estrojeni ya mwili wenyewe inashuka, na huelekea kupunguza ile kolesteroli nzuri inayosaidia kuilinda mishipa. Halafu ikishaingia haitolewi. Kichwa kikizidi au presha ikipanda wiki ya pili, utakaa nayo hadi iishe yenyewe. Presha ikifika 160 kwa 100, sindano ni ngazi ya 3 hata bila sigara.

Ngazi ya 3 si marufuku. Kama sindano ndiyo njia pekee unayoweza kuipata au unayoikubali, ni salama kwako kuliko vidonge ulivyoacha, na ni salama kuliko mimba usiyoitaka, maana mimba yenyewe hupandisha hatari ya damu kuganda na kwa mwenye presha huja na matatizo yake. Ila uliza ni sindano gani. Zipo za kila mwezi zenye estrojeni ndani yake, na hizo zihesabu kuwa sawa na vidonge.

Zinazobaki ni nne, na kwa mtu wa hali yako sizioni kuwa sawasawa.

Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote. Ngazi ya 1 kwa aura, ya 1 kwa presha ya kiwango chochote, ya 1 kwa sigara, ya 1 kwa vyote kwa pamoja. Kinafanya kazi miaka 10, na katika wanawake 1,000 wanaokitumia mwaka mmoja, hupata mimba kama 8 tu. Kwa vidonge, kwa namna watu wanavyovisahau katika maisha ya kawaida, ni kama 70. Ningekichagua bila kufikiri mara mbili isingekuwa hiyo hedhi yako. Kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na kwa mtu ambaye damu yake ilikuwa nyingi kabla ya vidonge kinaweza kumfikisha kwenye upungufu wa damu. Ukikipenda kwa kuwa hakina homoni, pima kwanza wingi wa damu, na upime tena baada ya miezi michache.

Kitanzi cha homoni ndicho ningekushauri wewe. Kina levonojestreli, aina ya projestini, inayotoka kidogokidogo ndani ya kizazi: ile ya miligramu 52 hutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku mwanzoni, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika palepale, hivyo kinachozunguka kwenye damu ni kidogo kuliko cha vidonge. Kiko ngazi ya 2 kwa aura na kwa vihatarishi vingi. Kinazuia mimba kwa miaka 5 au zaidi kulingana na aina, na wanaopata mimba kwa mwaka ni wachache kuliko hata wa kitanzi cha shaba. Faida yako ya ziada ni kwamba ni tiba inayotambulika ya hedhi nzito. Damu hupungua sana, na kwa baadhi hukoma kabisa bila madhara. Uvumilivu unaotakiwa ni wa miezi 3 hadi 6 ya kwanza, ambapo matone ya damu huja bila ratiba na kuwaudhi wengi. Nawaambia wagonjwa wangu wasikihukumu kabla ya miezi 6 kuisha.

Kipandikizi, kile cha kijiti kimoja au viwili chini ya ngozi ya mkono, ni cha tatu kwa mtiririko huu lakini kwa uwezo wa kuzuia mimba hakuna kinachokizidi. Kina projestini peke yake kwa dozi ndogo na ya polepole, hivyo hakifuati sindano kwenda ngazi ya 3: kinabaki 2 kwa aura na kwa vihatarishi vingi, na 1 kwa presha kama yako. Kinadumu miaka 3 hadi 5 kulingana na aina, na kikikukera hutolewa siku hiyohiyo. Ubaya wake kwako ni damu isiyotabirika. Wengine hupata kidogo tu au hawaoni kabisa, wengine matone ya wiki mbili mfululizo, na hakuna namna ya kujua mapema utakuwa wa kundi gani. Kama hutaki kitu kiwekwe ndani ya kizazi, hiki ndicho chako.

Vidonge vya projestini pekee viko ngazi hizohizo za kipandikizi. Navitaja vya mwisho kwa sababu vinadai saa. Aina ya zamani ikichelewa zaidi ya saa 3, unahesabiwa umekosa kidonge. Aina yenye desojestreli inavumilia hadi saa 12. Ukipitiliza, meza ulichochelewesha mara unapokumbuka, endelea na vingine kwa saa zake, na tumia kondomu siku 2. Ipo pia aina yenye drospirenoni, lakini hiyo huweza kupandisha potasiamu mwilini, na baadhi ya dawa za presha hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo usiinunue bila daktari kuzioanisha.

Kwa njia zote tatu zenye projestini, kuna jambo jedwali linalionya: aura ikianza au ikizidi baada ya kuanza kutumia, hali hiyo inapandishwa hadi ngazi ya 3. Kwako aura ilikuwepo kabla, hivyo weka kumbukumbu sasa hivi. Andika tarehe, muda aura ilivyodumu, ulichokiona na siku ya hedhi. Bila maandishi hayo, baada ya miezi mitatu hutajua kama imezidi au ni wewe umeanza kuitazama kwa makini. Wengi huona aura ikipungua pindi estrojeni ya vidonge inapoondoka.

Kwa kuwa umesema hutaki mtoto mwingine, kufunga uzazi nako kumo. Ikiwa una mwenzi wa kudumu na naye ameridhia, kumfunga yeye ni upasuaji mdogo wa ganzi ya mahali, usiogusa presha yako wala kichwa chako. Mnaendelea na kinga nyingine miezi 3, kisha mbegu hupimwa kuhakikisha zimeisha. Kufunga mirija yako inawezekana, ila kwa mwenye presha hufanywa kwa maandalizi zaidi, na hakutaisaidia hedhi nzito.

Namna ya kuhama. Kuacha vidonge leo kusikufanye ukae mikono mitupu hadi upate miadi ya mwezi ujao. Rudi kituoni ukiwa na pakiti yako na useme ulikuwa kidonge cha ngapi. Kama umevimeza bila kuruka, kipandikizi, kitanzi au vidonge vya projestini vinaweza kuanza siku hiyohiyo bila kusubiri hedhi, na mimi huongeza kondomu kwa siku 7 ili nisiwe na shaka. Pa kuangalia zaidi ni wiki ya kwanza ya pakiti, baada ya zile siku 7 zisizo na dawa: ukiacha hapo na ulikutana na mwenzi wako siku za karibuni, mimba inaweza kuingia, hivyo mwambie anayekuhudumia. Kidonge cha dharura cha levonojestreli, miligramu 1.5 ndani ya saa 72, hakina estrojeni na hali zako hazikikatazi. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ni kinga ya dharura yenye nguvu kuliko kidonge hicho. Kama kitanzi cha homoni kinahitaji kungojewa, chukua vidonge vya projestini pekee viwe daraja la kukufikisha.

Hiyo 148/96 irudiwe. Kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa wa presha, ingawa kilitosha kukunyima vidonge siku ile. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umeshikiliwa usawa wa moyo, bila sigara wala kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili, kisha urudie siku nyingine. Kama vidonge ndivyo vilivyoipandisha, kwa kawaida huanza kushuka wiki chache baada ya kuviacha, na miezi 3 inatosha kuona imetulia wapi. Hii haina maana usubiri miezi 3 bila uangalizi: ikifika 160 kwa 100 itibiwe sasa. Na ukiwa unatuliza kichwa kwa ibuprofeni au dawa za jamii yake mara kwa mara, sema, kwa sababu nazo huipandisha presha.

Kuna dawa mbili za kuwa nazo macho. Ukipewa dawa ya presha ya jamii ya kaptopril, enalapril au lisinopril, au ile ya losartan, ujue huweza kumdhuru mtoto tumboni, ndiyo maana nasisitiza njia isiyotegemea kumbukumbu yako ya kila siku. Na daktari wa kichwa akitaka kukupa topiramati ya kuzuia kipandauso, mwambie mapema unatumia njia gani. Topiramati huharakisha ini kuzivunja homoni, na jedwali linaviweka vidonge vya projestini ngazi ya 3 kwa anayeitumia, na kipandikizi ngazi ya 2 kwa kuwa nguvu yake huweza kupungua. Vitanzi vyote viwili haviguswi nayo.

Ukifika kituoni, sema maneno haya tu: nina aura, presha yangu ilisoma 148/96, navuta sigara, nina miaka 37, hedhi yangu ni nzito, naomba kitanzi cha homoni, na kisipokuwepo kipandikizi. Kama una maumivu ya nyonga, uchafu usio wa kawaida au damu inayotoka nje ya ratiba bila kueleweka, liseme kabla hajaanza, maana kitanzi hakiwekwi penye maambukizi, na damu isiyoelezeka hutafutiwa sababu kwanza.